VS Code: kitone chekundu kipo, programu haisimami. Naombeni ushauri

Kitunguu_Saumu: Wakuu, hii ndiyo projekti yangu ya kwanza ya Python, kujumlisha mauzo ya genge la mama. Nabofya kushoto kwa namba ya mstari, kitone chekundu kinatokea, lakini programu inapita moja kwa moja hadi mwisho, na jumla inakosea. Siku ya tatu leo. Nipige Windows upya?

Fundi_Redio: Usifute kitu. Una ekstensheni ya Python? Na programu unaiendeshaje?

Kitunguu_Saumu: Ninazo 19, Python zimo na Black ya kupanga mwonekano wa kodi. Flashi ya Windows nimeshaiandaa.

Mama_Wawili: Umefungua faili pekee. Fungua folda nzima, kitone kitashika.

Kitunguu_Saumu: Nimefanya, hola.

Mzee_Kobe: Sisi tulianza na Pascal, tukitaka kuona thamani tunaichapisha kwenye skrini. Vijana mnarundika vikorombwezo kabla ya kujua kazi.

Fundi_Redio: Dogo, hujajibu. Unaiendeshaje?

Kitunguu_Saumu: Naandika `python mauzo.py` kwenye terminali. Mwalimu wa video anafanya hivyohivyo, kwa hiyo shida haiwezi kuwa hapo.

Fundi_Redio: Ipo hapohapo. Ukiandika hivyo Python inakimbia peke yake, na kile kitone anakijua VS Code tu. Bonyeza F5, chagua Python Debugger, kisha Python File. Usibonyeze Ctrl+F5, hiyo inaruka vitone. Ikikubali, mstari utapakwa njano na thamani zitaonekana kushoto.

Chumvi_Nyingi: Hii chai. Mtu aweke Black halafu asijue F5? Tuwekee kodi hapa.

Kitunguu_Saumu: Situngi, kaka. Black niliambiwa niweke, nikaweka. Kodi hii, inatoa 300:

```python
bei_zote = [500, 1200, 300]
for bei in bei_zote:
    jumla = 0
    jumla += bei
print(jumla)
```

Chumvi_Nyingi: Basi samahani.

Fundi_Redio: Weka kitone mstari wa 4. Kila ikisimama soma `jumla`, kisha F5 tena. Kumbuka inasimama kabla mstari huo haujatekelezwa.

Kitunguu_Saumu: Imesimama! Mara ya pili nilitarajia 500, nimekuta 0. Mara ya tatu 0 tena. Kumbe naifuta kila mzunguko. Nimepandisha `jumla = 0` juu ya `for`, imetoka 2000.

Mama_Wawili: Mimi Black ndiyo inanisumbua, nikihifadhi faili hakuna kinachopangika.

Fundi_Redio: Washa Format On Save kwenye mipangilio, na Default Formatter iwe Black Formatter. Faili likiwa na kosa la sintaksia, hata mabano moja ambayo hayajafungwa, Black hailigusi.

Mama_Wawili: Vyote nimeweka na mabano yamefungwa. Bado.

Kitunguu_Saumu: Kwangu inapanga nikibonyeza Shift+Alt+F. Jaribu hiyo, dada, utuambie inaandika nini pale chini kulia.