Sufuria ya sola isiyo na betri: ruzuku iende huko au ibaki kwenye gesi?

Mtu wa Manyoni: Wakuu, mkakati wa nishati safi ya kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameacha kuni na mkaa ifikapo 2034, na mitungi ya gesi imeshauzwa kwa ruzuku. Sasa huku kwetu mtungi ukiisha kuujaza ni safari. Mimi naona hela hiyo ingetengeneza sufuria ya sola, paneli ya wati 100 inaunganishwa moja kwa moja na hita chini ya sufuria, hakuna betri hakuna inveta, sufuria inakaa ndani ya kikapu kinachotunza joto. Mnasemaje?

Jogoo la Shamba: Wazo safi sana. Wati 100 mara saa 12 za jua ni wati-saa 1,200, hapo unapika asubuhi mchana na usiku na chenji inabaki.

Fundi Waya: Kaka Jogoo hesabu ya kuzidisha iko sawa ila jua haliko hivyo. Paneli ya 100 mchana wa jua kali, ikishapata joto na vumbi, itakupa kama 70 hivi, na saa 1 asubuhi haikupi kitu cha maana. Tuchukue maharage na maji yake, jumla lita 2. Kuyatoa nyuzi 25 mpaka yachemke unahitaji karibu wati-saa 175, kwa hiyo ni saa mbili na nusu kama hakuna joto linalopotea, na linapotea. Ukianza saa 3 asubuhi usitegemee kuona mapovu kabla ya saa 6 au 7. Chakula cha jioni sawa, cha mchana sahau.

Halafu kuna kitu kinawashinda wengi, hita yenyewe. Jirani yangu alichomoa koili ya jiko la umeme la wati 1,000 akaifunga kwenye paneli, akakaa pale anashika sufuria, hata vuguvugu. Ile koili ni ya volti 230, ina ohm kama 53, ukiipa volti 18 za paneli inatoa wati 6 tu. Kwa paneli hii unataka koili ya ohm 3 na kidogo. Na hata hiyo, wingu likikata jua nusu, moto haushuki nusu, unashuka mpaka robo, maana ampea na volti vinaanguka pamoja. Ndiyo maana paneli ikiwa kubwa kidogo inasaidia kuliko kuhangaika na koili.

Mama Uji: Mie nauza uji stendi naanza saa 11 alfajiri, hiyo sufuria yenu itanisaidiaje? Na taa yangu ya sola haikai hata saa mbili siku hizi, fundi nifanyeje?

Fundi Waya: Mama yangu, kwa uji wa alfajiri haikufai, nisikudanganye. Taa hiyo betri imechoka, nyingi unafungua nyuma unabadilisha seli tu.

Kijana wa Uyui: Ndo maana mi nasema bora betri ya lithiamu na presha kuka. Ugali je? Kuna mtu anasonga ugali kwa wati 70?

Fundi Waya: Ugali hausongeki, kweli kabisa. Ila maharage na makande ndiyo yanayokula mkaa, yanakaa motoni masaa. Ukiyatoa hayo kwenye mkaa, ugali unabaki na moto wa muda mfupi.

Nesi Mstaafu: Jamani hapo kwenye maharage msipite haraka. Maharage mekundu yakipikwa kwa moto mdogo yakafika nyuzi 75 au 80 yakaishia hapo, yanalainika lakini sumu yake inabaki na inaweza hata kuzidi, mtu anatapika na kuharisha ndani ya masaa machache. Yalowekwe usiku, maji ya kulowekea yamwagwe, kisha yachemke kwa mapovu nusu saa. Siku ya mawingu mapovu yasipotokea, yamalizieni kwenye moto, msiyale kabla ya hapo.

Mtu wa Manyoni: Asante mama, hilo sikulijua. Basi ningependa kifuniko cha kioo, mtu aone mapovu bila kufunua.

Fundi Waya: Na swichi ya joto, ya pasi mbovu inatosha. Maji yakikauka ndani ya kikapu cha pumba joto halina pa kwenda, kikapu kinaungua.

Kijana wa Uyui: Kwa hiyo serikali itoe ruzuku kwa kitu ambacho Machi ya mvua kimelala? Gesi haijali wingu.

Mtu wa Manyoni: Gesi haijali wingu ila inajali barabara, na Machi hiyohiyo ya mvua nani anafika kwetu na mitungi?

Jogoo la Shamba: Fundi, hiyo koili ya ohm 3 naipata wapi?