Naombeni ushauri: kanzidata inagoma kila Ijumaa jioni, ninunue replika?

KondaMstaafu
Wakuu, habari za saa hizi. Nina mfumo wa kukata tiketi za mabasi ya mikoani, abiria wetu wengi wanapandia stendi ya Magufuli pale Mbezi. Tunatumia PostgreSQL 14 ya kukodi, ile ambayo mtoa huduma anaitunza mwenyewe. Katikati ya wiki shwari kabisa. Ijumaa kuanzia saa kumi na moja jioni watu wanaanza kuchungulia siti za Moshi, Arusha na Mwanza, basi hapo mawakala wananipigia hadi simu inaisha chaji. Kwenye logi naona hii:

```
FATAL: remaining connection slots are reserved for
non-replication superuser connections
```

Prosesa ya kanzidata haizidi asilimia 40. Anayekata tiketi mmoja, wanaochungulia tu hamsini, ndiyo maana nimewaza replika ya kusoma. Ila replika inatozwa kama kanzidata nyingine nzima, na bosi anataka jibu Jumatatu.

max_connections ni 100. Zipo nakala 4 za programu, kila moja na puli ya koneksheni 20, na vibarua 2 wa kutuma SMS wenye 10 kila mmoja. Mzigo ukipanda, nakala ya 5 inawaka yenyewe.

Chalii_wa_Sinza
Mkuu mbona jepesi hilo. Weka max_connections 500, zima washa, kalale. Mimi nilifanya hivyo mwaka juzi hadi leo sijasikia kelele.

Mama Kariakoo
Na mimi tovuti ya duka langu inafunguka taratibu sana jioni, hasa picha za vitenge. Hiyo replika wanauza bei gani?

Chalii_wa_Sinza
Mama, yako ni picha nzito. Zipunguze ukubwa kwanza. Hii mada ni nyingine.

DadaSeva
KondaMstaafu, usinunue kitu bado. Ijumaa, kosa likianza, endesha hii utuletee majibu:

```sql
SELECT state, count(*) FROM pg_stat_activity
WHERE datname = 'tiketi' GROUP BY state;
```

Chalii, ushauri wako unaficha ugonjwa. Postgres inafungua prosesi nzima kwa kila koneksheni, hata iliyolala. Kwenye mashine ndogo, 500 zitakula kumbukumbu ambayo ingeshika data, halafu Ijumaa moja kanzidata yenyewe ianguke. Wewe umepona kwa sababu mzigo wako haujawahi kufika huko.

KondaMstaafu
Dada, haya ndiyo ya jana saa kumi na mbili na robo:

```
active                 6
idle                  61
idle in transaction   28
```

DadaSeva
Umeona? Zinazofanya kazi ni 6 tu. Nafasi 3 zimetengwa kwa msimamizi, kwa hiyo ninyi mna 97, na 95 zimeshikwa. Nakala ya 5 inawaka, inaomba 20, inakuta 2. Zile 61 zimelala kwenye mifuko ya nakala nyingine, na nakala moja haiwezi kuchomoa mfukoni mwa mwenzake. Ni kama abiria aliyeweka leso kwenye siti akaenda kunywa chai: basi linaonekana limejaa na watu hawamo.

Zile 28 ndizo zinanitia wasiwasi. Transaksheni imefunguliwa na hakuna kinachoendelea ndani yake. Inasubiri nini? Niambie mteja akibonyeza "Lipa" programu yako inafanya nini, hatua kwa hatua.

KondaMstaafu
Tunafungua transaksheni, tunafunga ile siti, tunatuma ombi la malipo kwenye simu ya mteja, tunasubiri aweke namba ya siri, likirudi jibu tunaandika tiketi na kufunga transaksheni. Kwa wastani sekunde 40. Wengine wanaanza kutafuta salio kwanza...

DadaSeva
Basi mchawi ni wewe mwenyewe, pole. Kila mteja anayetafuta salio amekalia koneksheni yako. Zikiwa 28 wazi na kila moja inakaa sekunde 40, hayo ni malipo kama 42 kwa dakika. Mwisho wa mwaka yakifika 100 kwa dakika, utahitaji koneksheni 67 za kusubiri vidole vya watu. Replika haitasaidia hapo hata kidogo, kwa sababu hizo ni za kuandika na lazima ziende kwenye kanzidata kuu.

Ligawe zoezi la malipo. Kwanza andika siti kwa hali ya "inasubiri" na muda wa kuisha, tuseme dakika 5, kisha funga transaksheni papo hapo. Tuma ombi la malipo ukiwa hujashika kitu. Jibu likija, fungua nyingine fupi ya kuthibitisha. Kizuizi cha kipekee kwenye safari na namba ya siti ndicho kitakachozuia wawili kukaa siti moja. Zilizoisha muda kibarua azifute.

Ukimaliza hilo ndipo uweke PgBouncer mbele:

```ini
pool_mode = transaction
default_pool_size = 20
max_client_conn = 500
```

Hapo nakala zako zinaunganika na PgBouncer kwa mamia, yeye anazigawia koneksheni 20 za kweli, na kila moja inaachiwa transaksheni ikiisha. Ukiweka PgBouncer kabla ya kurekebisha malipo, wateja 20 wasio na salio watakufungia duka lote.

Mzee wa Kijitonyama
20 si chache, binti yangu? Wakija watu mia sita kwa sekunde je?

DadaSeva
Shikamoo mzee. Maswali 600 kwa sekunde, kila moja likichukua milisekunde 8, ni chini ya koneksheni 5 zilizo kazini kwa wakati mmoja. Inalingana na zile 6 alizoziona. 20 ni za kujihami.

Msafiri_Tabata
Niongeze yangu kuhusu replika maana iliwahi kuniumiza. Tulipeleka usomaji wote kule. Mteja analipa, anafungua "Tiketi zangu", anaambiwa hana tiketi, analipa tena. Replika ilikuwa nyuma sekunde 3 tu. Tuliwarudishia watu hela mwezi mzima. Sasa ratiba na nauli zinasomwa kwenye replika, ila chochote cha mteja mwenyewe kinatoka kanzidata kuu.

KondaMstaafu
Mrejesho, wiki mbili baadaye. Malipo tumeyatoa nje ya transaksheni, na idle in transaction Ijumaa hii haikuvuka 2. PgBouncer ilinipa shida siku ya kwanza:

```
ERROR: prepared statement "S_1" does not exist
```

Programu yetu ni ya Java. Kumbe koneksheni ilikuwa inabadilika katikati na PgBouncer yangu ilikuwa ya zamani. Nimeweka toleo la 1.21 na max_prepared_statements = 100, kimya. Sasa koneksheni za kweli haziendi juu ya 20, nakala ya 5 inawaka bila kugomba. Replika sijanunua.

Ila mhasibu ana ripoti ya mwezi inayochukua dakika 4 na anaiendesha Ijumaa hiyo hiyo. Hiyo niipeleke replika?

Msafiri_Tabata
Ipeleke, ila ujue replika inaweza kuikata katikati kwa "canceling statement due to conflict with recovery". Kwa kawaida inavumilia sekunde 30 tu. Washa hot_standby_feedback.

DadaSeva
Ukiiwasha, kanzidata kuu haitafagia mistari iliyokufa hadi ripoti iishe, na jedwali lako la siti linabadilika kila sekunde. Mimi ningerefusha max_standby_streaming_delay na kuacha replika ibaki nyuma, alimradi hakuna mteja anayeisoma.

Msafiri_Tabata
Dakika 4 haziwezi kuvimbisha jedwali kihivyo, dada.

Mzee wa Kijitonyama
Mhasibu hawezi kuiendesha Jumamosi asubuhi?

KondaMstaafu
Mzee, huyo mhasibu ni shemeji wa bosi.