UZI WA MALALAMIKO: "Tumia maneno muhimu, visawe na vichujio" ni ushauri wa kumkomoa asiyeijua mada

Kalamu Kavu (mleta mada)

Wakuu, leo naomba niseme maana yamenifika shingoni. Nani aliwaambia watu wa maktaba kwamba huo ushauri wao unamsaidia mtu anayeanza na mada asiyoijua? Mimi ni mtu wa hesabu. Kwenye ripoti ya kikundi nimetupiwa sehemu ya mapitio ya machapisho: uhifadhi wa mahindi baada ya kuvuna na mchango wake kwenye sumukuvu. Ninachokijua mimi ni kwamba sumukuvu ni sumu na inatokana na kuvu. Basi, nimemaliza.

Nikaingia kanzidata ya PubMed na sentensi nzima kama nilivyopewa. Karibu patupu. Nikaipunguza hivi:

```
maize aflatoxin storage
```

Sasa yakaja mafuriko. Maini ya panya, jeni za kuvu, chakula cha kuku, namna ya kupima kwa mashine ambazo sijawahi hata kuziona. Kipeperushi cha maktaba kinasema ukitaka neno na ndugu zake wote, weka kinyota mwishoni. Haya, nikaandika `corn*`. Nimeletewa magonjwa ya macho! Cornea! Mtu anatafuta mahindi anapewa mboni.

Halafu eti "tafuta visawe". Mfano wao ni vijana, barubaru, balehe. Hivyo hata mtoto anavijua. Mimi nitavitoa wapi visawe vya fani ambayo hata jina lake nimelisikia juzi?

Mwisho nikatumia vichujio kama walivyoagiza, kwenye ile kanzidata kubwa ya maktaba: `Full Text`, `Peer Reviewed`, miaka 5 ya karibuni. Zikabaki makala chache, na zote zinarejelea kazi za zamani ambazo kichujio chenyewe kimezificha. Msimamizi kasoma, kajibu mstari mmoja: "Huna vyanzo vya msingi." Anayetengeneza haya mambo anamtengenezea nani?

Jongoo wa Mawe

Mkuu unajitesa bure. Nenda Google Scholar, andika unachotaka, chukua za ukurasa wa kwanza, maisha yaendelee. Kanzidata za maktaba ni za wakutubi wenyewe. Na ukishaweka tiki ya `Peer Reviewed` usihofu, kila kinachobaki kimepitiwa na wataalamu, unarejelea macho yamefumbwa.

Tetere

Pole sana kaka. Hata mimi ilinitokea, kumbe nenosiri lilikuwa limeisha muda wake. Ukiwa nje ya chuo lazima uingie kupitia ukurasa wa maktaba, la sivyo kila makala unaambiwa ununue. Jaribu kutoka kisha uingie upya.

Kalamu Kavu

Tetere, nimeingia vizuri tu. Shida yangu siyo mlango, shida ni nilichokikuta ndani.

Bi Rafu

Mleta mada, mimi ni mkutubi, kwa hiyo matusi yote ya hapo juu nimeyapokea. Kwenye visawe nakuunga mkono. Mtu hawezi kubuni maneno ya fani asiyoijua, na kipeperushi kinachomwambia akae ayawaze kichwani kinamwonea. Maneno hayo huvunwa kwenye rekodi.

Kwenye yale mafuriko yako lazima kulikuwa na makala moja inayozungumzia mahindi yaliyohifadhiwa majumbani. Moja tu inatosha. Ifungue, usisome kichwa tu, shuka chini ya ikisiri mpaka kwenye `MeSH terms`. Hayo ni maneno ambayo PubMed inayabandika kwenye makala bila kujali mwandishi katumia neno gani. Kwa mada yako utakutana na `Zea mays`, `Aflatoxins`, `Food Storage`, `Food Contamination`, `Aspergillus flavus`. Kisha rudi kwenye ikisiri yenyewe uone waandishi wanavyosema: postharvest, stored grain, hermetic. Fanya hivyo kwa rekodi tatu nne na utakuwa na visawe ambavyo hakuna kipeperushi kingekupa.

Ukishavipata, vigawe kwa mafungu kulingana na dhana. Kila fungu lina OR ndani yake, na kila moja unalitafuta peke yake kwanza:

```
#1  maize OR corn OR "zea mays"
#2  aflatoxin* OR mycotoxin*
#3  storage OR stored OR postharvest OR "post-harvest" OR hermetic
#4  #1 AND #2 AND #3
```

Kwenye PubMed sehemu hii iko ndani ya `Advanced`, na historia inakuonyesha idadi ya kila mstari. Hiyo idadi ndiyo macho yako. Ukiongeza neno kwenye fungu na idadi isisogee, neno hilo halina kazi hapo. Mstari wa 4 ukiporomoka karibu na sifuri, basi fungu mojawapo ndilo linalobana, na utalijua kwa kuliondoa moja moja. Postharvest nimeiweka kwa tahajia mbili kwa makusudi, maana ukiweka moja unazikosa za waandishi wa nyingine.

Ukiandika yote kwenye mstari mmoja, tumia mabano. PubMed inasoma kutoka kushoto kwenda kulia, kwa hiyo `aflatoxin AND maize OR corn` itakuletea kila kitu chenye corn, sumukuvu iwepo isiwepo. Kanzidata nyingine zina mpangilio wao tofauti. Mabano yanamaliza ubishi kote.

Kuhusu kinyota: kinakata shina, hakijui maana. `corn` ni shina fupi mno, lazima libebe cornea na corner. `aflatoxin*` ni salama kwa sababu hakuna neno lingine linaloanza hivyo. Na PubMed ukiweka kinyota inaacha kukutafsiria neno lako. `corn` bila kinyota ingekupeleka yenyewe mpaka kwenye `Zea mays`.

Kalamu Kavu

Bi Rafu, shikamoo. Haya yote umeyaandika kwa muda wa kunywa chai. Kwa nini kipeperushi kinaongelea barubaru? Na vichujio je? Maana hasira zangu nyingi ziko hapo.

Bi Rafu

Marahaba. Kipeperushi kinatumika kwa fani zote, ndiyo maana hakimfai mtu wa fani yoyote. Hapo sina utetezi.

Vichujio vinafuata kilichoandikwa kwenye rekodi, siyo ubora wa makala. `Full Text` inabakiza zile tu ambazo kanzidata hiyo inazo nzima ndani yake. Makala hiyo hiyo inaweza kuwa maktaba inailipia kwa mchapishaji mwingine, na kiungo kiko kwenye rekodi, lakini wewe umeshaifuta kabla hujakiona. Iache hiyo tiki. Usipopata kiungo, omba makala kupitia huduma ya kuazimana kati ya maktaba.

Jongoo, `Peer Reviewed` kwa kawaida inaliangalia jarida, haiangalii makala. Barua kwa mhariri, tahariri na uhakiki wa kitabu vyote vinapita kwa sababu vimechapwa kwenye jarida lenye utaratibu huo. Kabla ya kurejelea, tazama aina ya chapisho na kama lina sehemu ya mbinu.

Na kwa mada hii usiguse kichujio cha `Humans` kule PubMed. Makala kuhusu mahindi kwenye magunia haina binadamu ndani yake, kwa hiyo unafuta hasa unachokitafuta. Isitoshe kichujio hicho kinategemea maneno ya MeSH, na rekodi zisizo za MEDLINE, yaani ile sehemu ya PubMed inayobandikwa maneno hayo, hazinayo kabisa.

Mwana wa Pwani

Mimi nataka niingie kwenye miaka. Sumukuvu imeanza kueleweka 1960 batamzinga walipokufa kwa wingi Uingereza, na ule mlipuko mkubwa wa Kenya ulikuwa 2004. Ukichuja miaka 5 hivyo vyote vinaondoka, unabaki na watu wanaovirejelea. Hapo msimamizi ana haki.

Kalamu Kavu

Msimamizi huyo huyo ndiye aliyesema "vyanzo visizidi miaka 5"!

Mwana wa Pwani

Basi mkuu hapo tafuta mwanasheria 😂

Bi Rafu

Mwulize kwa maandishi kama sharti hilo linahusu hata tafiti za asili. Mimi ningetafuta bila miaka, kisha nipange matokeo kwa tarehe, maana kupanga hakufuti kitu. Ila kwenye hili wasimamizi wana misimamo yao na siwezi kumsemea.

Jongoo wa Mawe

Bado nasema Scholar ina kila kitu humo.

Bi Rafu

Ina vingi, nakubali, na ile `Cited by` yake naitumia kila siku. Ukipata kazi ya zamani nzuri, bonyeza hapo uone nani kairejelea baadaye. Lakini hata ikikutajia makumi elfu ya matokeo, haikuonyeshi zaidi ya 1,000, haina maneno ya kubandikwa kama MeSH, na ndani yake kuna tasnifu, rasimu na chochote kilichofanana na makala. Kuchuja unabaki nako wewe.

Kitu ambacho hakuna aliyekitaja ni kwamba PubMed ni ya tiba. Maini ya panya yalikuwa nyumbani kwao. Uhifadhi wa nafaka ni kilimo. AGRICOLA na AGRIS ni za bure, na kama maktaba yenu inailipia CAB Abstracts, anzia huko. Mafungu yako ni yale yale, ila maneno ya kubandikwa hubadilika, kwa hiyo fungua rekodi upya uyavune ya huko.

Tetere

Samahani, mimi mada yangu ni ya sheria za ardhi, naweza kutumia hiyo AGRICOLA?

Bi Rafu

Hapana mwanangu. Fungua uzi wako tutakusaidia.

Kalamu Kavu

Nimerudi. AGRICOLA imekubali, sasa matokeo yanasomeka, ni maghala na magunia, panya wameondoka. Hasira imepungua kidogo, haijaisha. Kwenye ikisiri nyingi nimekuta PICS, kumbe ni yale magunia yasiyopitisha hewa. Nikajifanya fundi, nikaitafuta peke yake PubMed. Imeniletea wagonjwa waliotoka chumba cha uangalizi mahututi!

Bi Rafu

Hiyo ni post-intensive care syndrome, wana ufupisho huo huo. Vifupisho usivitafute peke yake. Itie ndani ya fungu la 3 pamoja na OR, fungu la mahindi litawatoa hao wagonjwa.

Mwana wa Pwani

Swali la pembeni: makala imekuja ikisiri tu, nzima haipatikani popote, na ndiyo yenye takwimu ninayoitaka. Narejelea au siirejelei?

Jongoo wa Mawe

Rejelea tu, nani atajua.

Kalamu Kavu

Msimamizi wangu atajua.