Vihusishi vya Kijerumani: wewe ulivikariri vipi? Tupeane uzoefu

MamaZuhura: Wakuu, niko A2. Vya akusativi nimevimudu: für, um, durch, gegen, ohne. Herufi za mwanzo zinanipa FUDGO, basi. Vya dativi ndivyo vinanitoa jasho. Mwenye mbinu aiweke hapa.

Msafiri_Usiku: Rahisi sana, dada. Kukiwa na mwendo weka akusativi, ukiwa umetulia weka dativi.

FundiSarufi: Hapana mkuu, hiyo ni ya in, an, auf na wenzake. Ukiipeleka kwenye zu utaumia. Ich gehe zum Arzt: miguu inatembea kabisa, lakini zum ni zu dem, dativi tupu.

MamaZuhura, mimi niliviimba kwa mpangilio huu: aus, außer, bei, mit, nach, seit, von, zu. Mahadhi chagua mwenyewe. Tatizo la kuimba ni kwamba ukitaka kusema neno moja unaanza wimbo upya kichwani huku Mjerumani anakusubiri. Kwa hiyo kila kihusishi nilikipa kifungu chake kizima: mit dem Bus, bei der Arbeit, aus dem Haus. Baadaye nikavifunga pamoja:

Ich fahre seit drei Monaten mit dem Bus zur Arbeit.

Dativi tatu kwa mpigo. Angalia Monaten: wingi ni Monate, ile n ya mwisho imeletwa na seit. Wengi wanakumbuka dem na der, hiyo n wanaisahau.

Binti_Pwani: Samahani, mimi nataka kwenda kama au pair. Hiyo FUDGO inaulizwa A1?

MamaZuhura: Hakuna atakayekuuliza FUDGO, mdogo wangu, ila für na ohne utakutana nazo mapema tu.

NesiKassel: Naongeza genitivi. Nilizishika kwa kisa cha siku moja mbovu kazini: während der Schicht, trotz des Regens, wegen der Verspätung, statt des Busses. Ila wodini nasikia wegen dem Regen kila siku, na wanaosema ni Wajerumani wenyewe. Nami nimeshazoea hivyo hivyo.

FundiSarufi: Kwa mdomo sawa. Kwenye barua ya mtihani andika wegen des Regens.

NesiKassel: Mtihani nilishamaliza, mkuu. Nikisema des Regens wagonjwa wananiona kama nasoma taarifa ya habari.

MamaZuhura: Na bis? Nimeona bis nächsten Montag, halafu bis zum Wochenende.

FundiSarufi: Bis yenyewe ni akusativi. Ikifuatwa na zu, zu ndiyo inaamua.

Msafiri_Usiku: Haya, na entlang je? Mwalimu kasema den Fluss entlang, kitabu kinasema entlang des Flusses.

FundiSarufi: Vyote sahihi. Ikikaa nyuma ya nomino ni akusativi, ikitangulia ni genitivi.

Msafiri_Usiku: Hawa watu!