Zamu zinabadilika kila wiki: ratiba ya muhula mzima, ya wiki, au ya kila usiku?

kalamu7: Wadau, kibarua changu hutoa orodha ya zamu Jumapili saa 10 jioni, na wiki hazifanani. Nina masomo matatu. Nipange muhula mzima, wiki nzima Jumapili hiyo hiyo jioni, au kila usiku nipange kesho yake?

Daftari_Kubwa: Jumapili jioni, orodha ikishatoka. Ratiba ya muhula inavunjwa na zamu ya kwanza kuhama. Ya kila usiku unaipanga ukiwa umechoka, na somo gumu ndilo litakalosogezwa kila mara. Andika zamu kwanza, kisha safari ya kwenda na kurudi, kisha usingizi. Kinachobaki ndicho cha kugawa.

Tuseme Jumatatu unaingia saa 8 mchana na kutoka saa 2 usiku, Jumatano saa 12 jioni hadi saa 6 usiku. Vipindi viwili vya dakika 50 vya somo gumu viweke Jumatatu asubuhi, maana ukirudi kichwa hakipokei jambo jipya. Alhamisi usiweke chochote kabla ya saa 4 asubuhi. Mtu aliyelala saa 7 usiku haamki kusoma saa 12, na kipindi hicho kikifa kinavuta na vinavyofuata. Nafasi zikiwa 10, jaza 7. Zilizobaki ni akiba, na angalau moja iangukie Ijumaa au Jumamosi.

nusu_saa: Saa za nini? Andika tu "hesabu Jumanne", inatosha.

Daftari_Kubwa: Siku isiyo na zamu, sawa. Siku yenye zamu, "Jumanne" inaisha hujafungua daftari. Tena usiandike "hesabu", andika "swali la 1 hadi la 6 bila kuangalia majibu". Ukikaa tu unajua pa kuanzia.

Tunu_M: Mimi nina mtoto mchanga, sina zamu. Itanifaa?

mzee_wa_zamu: Dada, mtoto hatoi orodha Jumapili. Kwako ni bora kupanga kila usiku, kipindi kimoja kikubwa na kimoja kidogo cha kurudia.

kalamu7: Na msimamizi akiniongezea zamu Jumatano?

mzee_wa_zamu: Hamisha kile kipindi kilichogongwa tu, kiende kwenye akiba. Usiipange wiki upya, utamaliza jioni nzima ukichora. Akiba ikiisha, acha kipindi cha kazi ambayo tarehe yake iko mbali. Akiba ikiisha kabla ya Alhamisi wiki mbili mfululizo, ujue umejaza mno. Kwa kweli mimi naona hata 7 ni nyingi, 5 zinatosha.

Daftari_Kubwa: Kwa masomo matatu, 5 maana yake kuna somo linapata kipindi kimoja kwa wiki. Hapo sikubali, hasa mtihani ukikaribia.

mzee_wa_zamu: Na mimi 7 sizikubali kwa wiki yenye zamu mbili za usiku. Kalamu, zamu za usiku wiki hii ni ngapi?