Ajansi ilisema nyama kilo kumi zinapita. Zaventem wameitupa yote!

Mwana Katuba: Wandugu wa Lubumbashi, nina hasira. Mama yangu amesafiri kwenda kwa dada yangu Bruseli. Kwenye ajansi iliyotuuzia tiketi, yule kijana alituhakikishia: nyama ikikaushwa vizuri, ya kula nyumbani tu, hadi kilo kumi hakuna shida. Tukanunua mbuzi, tukamkausha, zikatoka kilo nne. Mama akafika Zaventem, akapita njia ya kijani kama alivyoambiwa, wakamsimamisha, valizi ikafunguliwa mbele za watu. Mbuzi wote kwenye pipa! Samaki wakavu wa Kasenga, kilo kumi na mbili, wakamrudishia. Nyama kidogo ni kosa, samaki wengi si kitu. Hiyo ni sheria gani?

Papa Ruashi: Wanaonea Waafrika tu. Hizo kilo kumi zipo kweli, nimezisoma mwenyewe.

Yaya wa Kamalondo: Papa, zipo, lakini ni za anayetoka Grinilandi au visiwa vya Faro. Ukitoka kwetu, nyama na maziwa ni sifuri, hata kipande kimoja. Wanachoogopa ni ugonjwa wa midomo na miguu ya ng'ombe na mbuzi, na homa ya nguruwe. Virusi vyake vinaweza kubaki ndani ya nyama iliyokaushwa, kisha mabaki yakafika kwa mifugo yao. Samaki habebi hayo, ndiyo maana wanaruhusu hadi kilo 20 kwa kila msafiri, au samaki mmoja hata akizidi hapo. Mbichi awe ametolewa matumbo.

Na ile njia ya kijani ndiyo mbaya zaidi, maana ukiipita umesema huna cha kutangaza. Angepita nyekundu akaitoa mwenyewe, wangeichukua tu. Kwa kuificha wangeweza hata kumpiga faini.

Tonton Kenya: Mimi shida yangu ni makuta. Shemeji anasema ukizidi euro 10,000 wanakunyang'anya. Ni kweli?

Yaya wa Kamalondo: Hapana, Tonton. Kuanzia 10,000 unajaza fomu ya kutangaza, basi. Wanashikilia zile zilizofichwa.

Mama Kiwele: Na sombe je? Matunda najua: nanasi, ndizi na nazi zinapita bila karatasi.

Yaya wa Kamalondo: Majani mabichi yanataka cheti cha afya ya mimea. Yaliyotwangwa na kupikwa, hapo sitaki kukudanganya, mama.

Papa Ruashi: Na finkubala?

Mwana Katuba: Papa, tuache wadudu kwanza! Yaya, asante, sasa nimeelewa kuhusu samaki. Lakini yule kijana alichukua komisheni, na leo nimempigia ananiambia eti "kila kiwanja na sheria yake". Kesho naenda pale na bei ya mbuzi mkononi.