Kidonda cha kisukari chini ya unyayo: namna ya kukisafisha nyumbani, na dalili zipi za kumrudisha mzee hospitali?

Binti wa Kilosa
Shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni. Baba yangu ana miaka 63, ana kisukari cha muda mrefu na anachoma insulini asubuhi na jioni. Ana kidonda chini ya unyayo, pale kwenye nyama iliyo nyuma ya dole gumba, upana wake kama sentimita 3. Kilianza kama sugu, sugu ikapasuka, na yeye hakujua mpaka alipoona soksi imelowa, maana miguu yake ina ganzi. Hospitali walikata nyama iliyokufa, wakampa dawa za kumeza, wakaturuhusu na karatasi iliyoandikwa kidonda kisafishwe kila siku. Hakuna aliyetuonyesha namna. Zahanati iko mbali na nauli ya bodaboda kila siku hatuimudu, hivyo nasafisha mimi.

Nina glavu, gozi, bandeji, plasta na chupa ya spiriti. Jirani anasema kiachwe wazi kipate hewa kikauke. Wa duka la dawa anasema tupasue vidonge vya rangi mbili tumwagie unga wake. Naomba kuelekezwa hatua kwa hatua, na mniambie nikiona nini nisisubiri.

Mla Mbaazi
Pole sana dada. Spiriti iweke mbali, inaunguza nyama mpya. Na huo unga wa rangi mbili usithubutu, unaganda juu kama saruji halafu usaha unabaki chini. Mimi ningefanya hivi: mguu uloweke kwenye beseni la maji moto yenye chumvi nusu saa, kisha kiache wazi mchana, usiku funga. Na kata sponji ya godoro mduara wenye tundu katikati, kidonda kikae kwenye tundu ili asikikanyage.

Fundi Pikipiki
Mimi niliungua na ekzosi kwenye muundi, nikapaka dawa ya kuungua ya tyubu, kikakauka vizuri tu. Jaribu hiyo.

Nesi wa Zamu
Fundi, wewe ulihisi moto ukatoa mguu. Huyu mzee hahisi, na kila hatua anakanyaga hapohapo, kwa hiyo dawa ya kuungua haigusi tatizo lake.

Mla Mbaazi yuko sahihi kwenye spiriti na kwenye unga. Kuloweka hapana. Ngozi inalainika na kumeguka, uchafu wa vidole unaingia kwenye kidonda, na mtu mwenye ganzi anaweza kuungua na maji moto bila kujua. Kuacha wazi pia hapana. Kidonda kikikauka kinafanya gamba, na ngozi mpya inatambaa vizuri zaidi kwenye unyevunyevu. Mduara wa sponji nao tuliuacha, kwa sababu uzito wote unahamia kwenye kingo za tundu na damu inabanwa palepale unapotaka ipite.

Sasa dada, usafishaji wenyewe. Nunua salaini ya chupa, ile ya dripu. Soma lebo vizuri iwe ya chumvi peke yake, kwa sababu chupa ya dripu ya sukari inafanana nayo sana. Ukikosa, chemsha maji nusu lita, tia chumvi robo tatu ya kijiko cha chai kilichosawazishwa, funika yapoe kabisa. Yakipita saa 24 mwaga utengeneze mengine, na chupa ya dukani ukishaifungua ifanyie vivyo hivyo.

Nawa mikono kwa sabuni, vaa glavu, toa bandeji ya jana. Gozi ikiwa imeganda usiivute. Idondoshee salaini, subiri ilainike, maana ukiivuta inaondoka na nyama nyekundu changa ambayo ndiyo inayoponya. Kabla hujaitupa itazame: imelowa kiasi gani, rangi gani, inanuka? Hapo utapata habari nyingi kuliko kumuuliza mzee kama anaumwa. Kisha badili glavu.

Mimina salaini juu ya kidonda, ukitumia sirinji isiyo na sindano ni rahisi zaidi. Futa taratibu kwa gozi kuanzia katikati kwenda nje, na gozi iliyogusa nje isirudi katikati. Kausha ngozi ya pembeni na katikati ya vidole, ila kidonda chenyewe kibaki na unyevu. Lowesha gozi safi kwa salaini, ikamue mpaka isichuruzike, iweke ndani ya kidonda bila kushindilia. Isikae juu ya ngozi nzima, kwa sababu ngozi itakuwa nyeupe kama iliyokaa majini na kidonda kitapanuka. Juu yake weka gozi kavu, halafu bandeji kuanzia karibu na vidole kurudi kwenye kifundo. Acha ncha za vidole wazi ili uone rangi yake. Plasta usiizungushe mguu mzima, mguu ukivimba inakuwa kamba.

Fanya hivyo mara moja kwa siku, au mapema zaidi ikilowa mpaka nje. Sugu za pembeni usizikate kwa wembe, waachie kliniki.

Lakini bandeji nzuri haiponyi mguu unaokanyagwa. Mzee anaendaje chooni?

Binti wa Kilosa
Asante sana dada Nesi. Anatembea mwenyewe na ndala, choo kiko nje. Anasema hakimuumi.

Nesi wa Zamu
Hilo la kutoumwa ndilo linalomfanya akikanyage. Mtafutieni magongo au mkongojo, na usiku awe na ndoo karibu na kitanda. Kliniki ya kisukari muulize kuhusu plasta ngumu ya mguu au kiatu cha kuondoa uzito. Kwa kidonda cha chini ya unyayo, hicho kinafanya kazi kubwa kuliko dawa yoyote ya kupaka.

Mama Tatu
Niongeze la kwetu. Marehemu mume wangu alikuwa na ganzi hivyohivyo. Asubuhi moja tukakuta damu kwenye shuka, panya alikuwa amemtafuna kidole usiku na yeye kalala fofofo. Daktari alituambia hawashangai, wanawapata wagonjwa wa namna hiyo. Dada, mzee alale ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro, na masalia ya chakula yasilale chumbani.

Na asali je? Sisi tulipaka na kidonda kilifunga.

Nesi wa Zamu
Mama Tatu, pole kwa msiba. La panya ni kweli kabisa, na mimi nimewahudumia. Kuhusu asali, miongozo ya kidonda cha kisukari haiipendekezi kwa lengo la kuponya. Hata ile ya hospitali iliyosafishwa haijaonyesha faida ya uhakika kwenye mguu wa kisukari, na ya sokoni huwezi kujua ina nini ndani.

Mla Mbaazi
Mimi nimeona kwa macho asali ikisafisha kidonda ndugu cha mjomba. Hapo hatutaelewana.

Binti wa Kilosa
Wakuu, narudi. Nimekuwa nikifuata maelekezo ya dada Nesi na kidonda kilikuwa chekundu safi. Leo bandeji imelowa kabla ya mchana, majimaji ya njano yenye harufu. Mzee ni mweusi sana, wekundu siuoni vizuri, ila ngozi ya juu ya mguu inang'aa. Sukari kwa kawaida inasoma 9 au 10 asubuhi, leo imesoma 18 na hajabadilisha chakula wala hajaruka sindano. Hana homa. Haumwi. Amekataa kwenda hospitali, anasema tusubiri Jumatatu. Nimpeleke kwa nguvu?

Nesi wa Zamu
Fanya vitu viwili sasa hivi. Weka mgongo wa kiganja chako juu ya mguu huo, kisha kwenye mguu mzima, mahali palepale. Kwenye ngozi nyeusi joto linasema kabla ya rangi. Halafu chukua kalamu ya wino uchore mstari mahali ngozi inayong'aa au iliyovimba inapoishia, andika na saa.

Binti wa Kilosa
Mguu mbovu una joto waziwazi. Uvimbe umetoka kwenye kidonda umefika juu ya mguu, si chini ya sentimita 4. Nimechora.

Nesi wa Zamu
Basi ni leo, na siyo Jumatatu. Uvimbe au wekundu ukivuka sentimita 2 kutoka ukingo wa kidonda, hizo dawa za kumeza peke yake mara nyingi hazitoshi. Mwambie mzee maneno haya: homa inaweza isije kabisa kwa mwenye kisukari hata mguu ukiwa umeharibika ndani, na sukari iliyopanda bila sababu ndiyo homa yake. Dawa zake asiache, insulini aendelee nayo, bebeni na kipimo. Mfungeni gozi safi, asikanyage mpaka kwenye gari.

Na kwa wengine wanaosoma: kidole kikigeuka cheusi au bluu, mguu ukiwa wa baridi na umepauka, ukiona kitu kigumu cheupe chini ya kidonda, ukibonyeza ngozi ikalia kama mchanga, au mgonjwa akitetemeka, akitapika au kuchanganyikiwa, usichore mstari wala usisubiri lolote, ondoka naye.

Mla Mbaazi
Dada, mpigie kaka yake mkubwa aongee naye. Wazee wetu hawasikii binti, lakini kaka akisema anapanda gari.

Binti wa Kilosa
Baba mkubwa ndiye aliyemshawishi, asante Mla Mbaazi. Tuko wodini hospitali ya rufaa. Walifungua wakakuta mfuko wa usaha umejificha chini ya ngozi ya juu, ile iliyokuwa inang'aa. Anapata dawa za mshipani. Wamempiga eksirei, wanasema hawana uhakika kama mfupa wa dole gumba umeguswa, watarudia baadaye. Mmoja anasema kidole kikatwe, mwingine anasema tusubiri. Sukari leo 12.

Nesi wa Zamu
Nafurahi mmefika. Eksirei ya mwanzo inaweza isionyeshe mfupa ulioguswa, kwa hiyo kurudia ni sawa. Kabla hawajaamua kukata, uliza kama wamepima damu inayofika kwenye mguu. Wanaweza kuanza kwa kushika mapigo juu ya mguu na nyuma ya kifundo. Kidole kikikatwa kwenye mguu usiopata damu, jeraha hilo nalo halifungi.

Na siku ya kuruhusiwa usikubali karatasi peke yake. Mwambie nesi akuangalie ukifunga bandeji moja mbele yake. Uliza nani atakuwa anakata sugu na lini, na mzee atavaa nini mguuni. Pima upana wa kidonda siku hiyo kwa rula. Baada ya wiki 4, kama eneo lake halijapungua karibu nusu, mrudishe hata kama kinaonekana kisafi.

Binti wa Kilosa
Nimeandika yote. Mapigo ya mguu nitauliza kesho asubuhi madaktari wakipita.